Wakati wa Kununua Gari: Mwaka wa Kutengenezwa, Msimu na Thamani ya Shilingi katika Maamuzi ya Wanunuzi wa Lushoto

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna bei ya gari lililotumika linaloagizwa kutoka Japani inavyobadilika kwa sababu ya wakati wa kununua, hata pale ambapo gari lenyewe halibadiliki. Mambo matatu yanachunguzwa: umri wa gari na mabadiliko ya matoleo, misimu ya ugavi na uhitaji, na mwenendo wa thamani ya shilingi na yeni. Mfano wa mnunuzi wa Lushoto aliyekusudia kuagiza gari mwishoni mwa mwaka 2024 unatumika kuonesha kuwa mambo hayo hayaendi pamoja daima. Hoja kuu ni kwamba mnunuzi hufaidika zaidi kwa kuanza na tarehe ambayo gari litafika bandarini kuliko kuanza na tarehe ambayo bei itakuwa chini.

1.0 Utangulizi

Barabara inayotoka Mombo, ambako hukutana na barabara kuu ya Tanga na Arusha, hupanda Milima ya Usambara kupitia Soni hadi mji wa Lushoto kwa umbali wa takribani kilomita 33. Kona zake ni nyingi, upande mmoja ni mwamba na upande mwingine ni bonde. Kutoka Lushoto, njia huendelea hadi Malindi, Lukozi, Mlalo na Mtae, na sehemu kubwa ya njia hizo ni za udongo. Mboga na matunda yanayolimwa huko, yakiwamo kabichi, karoti, viazi na plamu, sharti yateremshwe hadi Mombo kabla ya kuelekea Tanga na Dar es Salaam. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo huporomoka na kuziba njia, na gari lisilo na uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne huweza kukwama kwa siku nzima.

Katika mazingira hayo, gari ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha starehe. Aghalabu hununuliwa kwa fedha taslimu zilizokusanywa kwa misimu kadhaa ya mavuno, au kwa mkopo wa chama cha akiba. Kwa hiyo tofauti ya shilingi milioni moja au mbili huamua kama mnunuzi atabaki na fedha za matairi, bima na mbegu za msimu unaofuata, au ataanza kuendesha gari akiwa na deni. Tofauti ya kiasi hicho huweza kutokana na wakati wa kununua pekee.

Makala haya yanahusu magari ya abiria yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani, ambayo ndiyo mengi katika barabara za Tanzania. Magari ya mizigo yana viwango vyake vya ushuru na hayajadiliwi hapa.

2.0 Umri wa Gari Mbele ya Forodha

Anayeagiza gari hulipa fedha za aina mbili. Kwanza humlipa muuzaji bei ya gari pamoja na bima na nauli ya meli. Pili huilipa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kodi na ushuru. Jambo ambalo wanunuzi wengi hulitambua wakiwa wamechelewa ni kwamba kodi haikokotolewi kutokana na bei waliyomlipa muuzaji. TRA hutumia thamani ya rejea, ambayo hupatikana katika kikokotoo chake cha magari yaliyotumika kwa kujaza aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa, nchi linakotoka na ukubwa wa injini. Thamani hiyo huoneshwa kwa dola za Marekani.

Juu ya thamani hiyo hutozwa kwanza ushuru wa forodha wa asilimia 25, ambao ni wa pamoja kwa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Thamani ikishajumlishwa na ushuru huo, hutozwa ushuru wa bidhaa kwa kufuata ukubwa wa injini. Kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 1,000 lakini isiyozidi 2,000, kiwango ni asilimia 5. Kisha huja kile ambacho wanunuzi hukiita ushuru wa uchakavu, ambao ni ushuru wa bidhaa unaotozwa kwa sababu ya umri. Gari la abiria lenye umri wa kuanzia miaka 8 lakini usiozidi miaka 10 hutozwa asilimia 15, na lenye umri unaozidi miaka 10 hutozwa asilimia 30. Mwisho, jumla yote hutozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Zipo pia tozo ndogo, kama ile ya maendeleo ya reli, ada ya usajili na gharama za bandari, ambazo zimeachwa kando ili hesabu kuu ionekane vizuri.

Jedwali la 1: Kodi kwa kila dola 100 za thamani ya rejea, gari la injini ya sentimita za ujazo 1,001 hadi 2,000

| Hatua | Chini ya miaka 8 | Miaka 8 hadi 10 | Zaidi ya miaka 10 |
|---|---|---|---|
| Ushuru wa forodha | 25.00 | 25.00 | 25.00 |
| Ushuru wa bidhaa (injini) | 6.25 | 6.25 | 6.25 |
| Ushuru wa uchakavu | 0.00 | 18.75 | 37.50 |
| Kodi ya Ongezeko la Thamani | 23.63 | 27.00 | 30.38 |
| Jumla ya kodi | 54.88 | 77.00 | 99.13 |

Jedwali hili linaonesha kuwa kodi haipandi kidogo kidogo kadiri gari linavyozeeka, bali hupanda kwa vidato viwili. Ndani ya kidato kimoja, kuzeeka kwa gari humnufaisha mnunuzi, kwa kuwa thamani ya rejea hushuka huku viwango vikibaki vilevile. Gari linapovuka kutoka kidato kimoja hadi kingine, hali hugeuka. Ili kodi ya gari lililovuka miaka 10 ibaki sawa na ile ya mwaka uliotangulia, thamani yake ya rejea ingepaswa kushuka kwa zaidi ya asilimia 22, yaani kutoka 100 hadi chini ya 78. Si kawaida kwa gari linalopendwa sokoni kushuka kiasi hicho katika mwaka mmoja.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba kikokotoo huuliza mwaka wa kutengenezwa, wala hakiulizi mwezi. Gari lililotengenezwa Januari 2014 na lililotengenezwa Desemba 2014 huhesabiwa kuwa na umri mmoja, na yote mawili huvuka kidato siku moja, tarehe 1 Januari 2025. Mpaka wa kodi kwa hiyo ni usiku wa mwaka mpya, na gari lililo baharini usiku huo huamkia kundi jingine.

Kutokana na hali hiyo, mnunuzi hana budi kuhesabu siku kurudi nyuma. Safari ya meli kutoka Japani hadi Dar es Salaam huchukua takribani wiki nne hadi sita. Kabla ya hapo kuna siku za kuhamisha fedha, kukamilisha nyaraka na kusubiri nafasi melini, ambazo kwa pamoja huweza kufikia wiki tatu au nne. Kwa gari linalokaribia kuvuka kidato, malipo yanayofanywa baada ya katikati ya Oktoba tayari yana hatari, na yanayofanywa baada ya katikati ya Novemba karibu hayana matumaini.

Kosa la kawaida hapa hutokana na kuchanganya mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza. Hati ya usajili ya Japani hutaja mwezi na mwaka wa usajili wa kwanza. Gari lililotoka kiwandani Desemba 2014 huweza kusajiliwa Februari 2015, na matangazo ya wauzaji huweza kulitaja kuwa la 2015. Mnunuzi aliyepiga hesabu kwa mwaka 2015 hushtuka anapodaiwa ushuru wa gari la 2014. Dalili ya hatari ni tangazo linalotaja mwaka mmoja tu bila kueleza ni wa nini. Kinga ni kudai namba ya chesisi kabla ya kulipa na kuitumia kuthibitisha mwaka wa kutengenezwa.

3.0 Mabadiliko ya Matoleo

Watengenezaji wa Japani hubadilisha muundo mzima wa gari baada ya miaka kadhaa, mara nyingi mitano hadi minane, na katikati ya kipindi hicho hufanya marekebisho madogo ya taa, bampa na vifaa vya ndani. Mfano ni Nissan X-Trail. Toleo lake la pili lilianza kuuzwa Japani mwaka 2007, la tatu lilizinduliwa Desemba 2013 likiwa na umbo tofauti kabisa, na la nne likafuata Julai 2022.

Mabadiliko haya huathiri bei ya gari lililotumika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya papo hapo nchini Japani. Toleo jipya linapotoka, wenye toleo la zamani hulirudisha kwa wauzaji ili kubadilishana, na magari hayo hupelekwa minadani kwa wingi. Athari hii haiishi kwa mwezi mmoja. Gari jipya nchini Japani hufanyiwa ukaguzi wa lazima baada ya miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili. Wenye magari wengi huamua kuuza ukaguzi unapokaribia, kwa kuwa gharama zake ni kubwa. Ndiyo maana magari ya umri wa miaka mitatu, mitano, saba, tisa na kumi na moja huonekana kwa wingi minadani.

Njia ya pili huonekana Tanzania miaka mingi baadaye. X-Trail ya mwaka 2013 na ya mwaka 2014 zinapishana mwaka mmoja tu, lakini kwa kuwa nyingi za 2013 ni za umbo la zamani, bei zake hutofautiana kuliko mwaka mmoja wa uchakavu unavyoweza kueleza. Mnunuzi wa Lukozi anayetafuta gari la kupandisha milima, asiyejali umbo, huweza kupata nafuu kwa kuchukua mwaka wa mwisho wa toleo la zamani. Mwaka huo una faida nyingine ya kiufundi: kasoro za mwanzo za toleo huwa zimesharekebishwa, na vipuri vyake huwa vimeenea. Anayenuia kuliuza gari baada ya miaka mitatu, hata hivyo, hana budi kukumbuka kuwa nafuu aliyoipata wakati wa kununua ataidaiwa na mnunuzi wake wakati wa kuuza.

Kwa magari ambayo tayari yamesajiliwa nchini, soko lina kipimo chake cha umri ambacho hakimo katika hati ya kiwanda. Wanunuzi na madalali huangalia herufi ya kwanza kati ya herufi tatu za namba ya usajili, wakasema gari ni "namba D" au "namba E". Herufi hiyo hueleza gari lilisajiliwa lini Tanzania, wala haielezi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2008 lililoingia juzi huwa na namba E, na la mwaka 2012 lililoingia miaka mingi iliyopita huwa na namba D. Soko hulipa zaidi kwa E kwa dhana kwamba gari halijachoshwa na barabara za nchini. Dhana hiyo ina ukweli kiasi, hususani kwa magari yaliyofanya kazi ya abiria milimani. Hata hivyo, herufi mpya inapoanza kutolewa, magari ya mwisho ya herufi iliyotangulia hushuka thamani bila kuwa yamechakaa kwa ghafla. Huo ndio wakati mzuri wa kununua gari lenye namba ya herufi iliyopita, ilimradi fundi ameridhika na injini, giaboksi na mfumo wa breki.

4.0 Misimu ya Ugavi na Uhitaji

Nchini Japani mwaka wa hesabu wa makampuni mengi huisha tarehe 31 Machi. Wauzaji wa magari mapya hujitahidi kufikia malengo yao kabla ya tarehe hiyo, na mauzo ya Machi huwa makubwa kuliko ya miezi mingine. Kila gari jipya linalouzwa huacha la zamani nyuma yake. Isitoshe, kodi ya mwaka ya gari hutozwa kwa yule ambaye ni mmiliki tarehe 1 Aprili, jambo linalowasukuma wenye magari yasiyohitajika kuyaondoa kabla ya siku hiyo. Kwa sababu hizo mbili, minada ya Machi hadi Mei huwa na magari mengi.

Kwa upande wa Lushoto, uhitaji hufuata kalenda ya shamba na ya familia. Fedha hupatikana mazao yanapouzwa, na mipango ya kununua huiva kuelekea Desemba, ambapo watu hurudi nyumbani kwa sikukuu na mwenye gari huonekana. Bei katika yadi za Tanga na Dar es Salaam haina sababu ya kulegea katika kipindi hicho. Januari hali hugeuka. Ada za shule hudaiwa, matumizi ya sikukuu yamekwisha kumaliza akiba, na baadhi ya wenye magari hulazimika kuuza. Kwa gari lililokwisha kusajiliwa nchini, Januari na Februari ndiyo miezi ambayo mnunuzi mwenye fedha taslimu huwa na nguvu ya kujadiliana bei. Gari la namna hiyo halihusiki tena na ushuru wa uchakavu, kwa hiyo mpaka wa mwaka mpya haumgusi mnunuzi wake.

Masika nayo ina nafasi yake. Anayekagua gari mkononi mwa mtu wakati wa kiangazi huona gari safi na barabara kavu. Anayekagua Aprili, akalipandisha kutoka Mombo hadi Soni kwenye mvua, hugundua mengi zaidi kuhusu matairi, clachi na uvujaji wa maji. Bei huweza kuwa ileile, lakini taarifa anayoinunua pamoja na gari ni bora.

5.0 Yeni, Dola na Shilingi

Gari la Japani hununuliwa mnadani kwa yeni, hutangazwa kwa mnunuzi wa Tanzania kwa dola, na hulipiwa kwa shilingi. Sarafu hizi huathiri gharama kwa njia tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayofaa kueleweka zaidi.

Yeni ilishuka sana kati ya mwaka 2022 na 2024. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa sawa na takribani yeni 115. Oktoba mwaka huo ilizidi yeni 150, na mwanzoni mwa Julai 2024 ilifika takribani yeni 161. Benki Kuu ya Japani ilipopandisha riba tarehe 31 Julai 2024, yeni iliimarika, na kufikia katikati ya Septemba dola ilikuwa karibu yeni 140. Gari la yeni 600,000 mnadani lingegharimu dola 5,217 kwa kiwango cha 115, lakini dola 3,750 kwa kiwango cha 160. Mnunuzi hapati punguzo hilo lote. Yeni inaposhuka, wanunuzi wa nchi nyingi hukimbilia minada ileile na kupandisha bei kwa yeni, na muuzaji naye huweza kubaki na sehemu ya faida. Zaidi ya hayo, punguzo hugusa bei ya gari pekee. Kodi hukokotolewa kwa thamani ya rejea ya TRA, ambayo haishuki kwa sababu yeni imeshuka wiki iliyopita.

Shilingi ni tofauti. Kwa kuwa bei ya muuzaji na thamani ya rejea zote mbili ni za dola, kushuka kwa shilingi hupandisha bei na kodi kwa pamoja. Mwaka 2024 unaonesha ukubwa wa mawimbi hayo. Dola ilianza mwaka ikiwa takribani shilingi 2,500, ikazidi 2,700 kufikia Oktoba, kisha ikashuka kwa kasi hadi karibu 2,400 Desemba. Mwaka uliofuata ilipanda tena, na kufikia Mei 2025 ilikuwa imerudi karibu na 2,700.

Nyuma ya mawimbi hayo kuna msimu. Fedha za kigeni huingia kwa wingi zaidi katika nusu ya pili ya mwaka, watalii wanapofurika na mazao ya biashara kama korosho yanapouzwa nje. Katika miezi ya mwanzo ya mwaka mapato hayo hupungua huku uagizaji ukiendelea, na shilingi hulemewa. Hapa panajitokeza mgongano ambao mnunuzi hawezi kuukwepa: minada ya Japani huwa na magari mengi Machi hadi Mei, wakati ambapo shilingi kwa kawaida ni dhaifu. Urahisi unaopatikana mnadani huweza kumezwa na dola.

Katika yadi za nchini athari ya dola huchelewa. Gari lililolipiwa wakati dola ilikuwa 2,700 lina gharama ya 2,700 ndani yake, hata kama siku ya kuliuza dola ni 2,400. Mwenye yadi hushusha bei polepole, kadiri magari mapya yaliyonunuliwa kwa dola nafuu yanavyofika na kushindana na lake. Kwa hiyo anayenunua yadini hanufaiki na kuimarika kwa shilingi wiki hiyohiyo, ila baada ya miezi miwili au mitatu.

6.0 Mfano wa Mnunuzi wa Oktoba 2024

Mfano ufuatao unaunganisha mambo haya. Chukulia mfanyabiashara wa mboga wa Lushoto ambaye, katikati ya Oktoba 2024, ana akiba ya kununua Nissan X-Trail ya mwaka 2014, injini ya sentimita za ujazo 1,997. Bei hadi Dar es Salaam ni dola 5,500, na thamani ya rejea ni dola 5,000. Kiasi hiki ni cha mfano, na viwango vya dola vimekadiriwa kwa kukaribia hali ya wakati huo. Ana njia tatu.

Njia ya kwanza ni kulipa mara moja kwa dola ya 2,700, gari likafika katikati ya Desemba. Bei ni shilingi 14,850,000. Gari lina umri wa miaka 10, kwa hiyo kodi ni asilimia 77 ya dola 5,000, yaani dola 3,850. Kwa dola ya 2,400 ya Desemba, hizo ni shilingi 9,240,000.

Njia ya pili ni kusubiri shilingi iimarike, akalipa mwishoni mwa Desemba kwa dola ya 2,400, gari likafika Februari 2025. Bei inashuka hadi shilingi 13,200,000, na mnunuzi anaamini ameokoa 1,650,000. Lakini gari sasa lina umri wa miaka 11. Hata tukikubali kuwa thamani ya rejea imeshuka kwa asilimia 10 hadi dola 4,500, kodi ya asilimia 99.125 ni takribani dola 4,461. Kwa dola ya 2,550, ni shilingi 11,375,000 hivi.

Njia ya tatu ni kusubiri vilevile, ila kubadilisha gari. Anachagua la mwaka 2015, ambalo mwaka 2025 lina umri wa miaka 10 na bado limo katika kidato cha asilimia 15. Bei ni dola 5,900 na thamani ya rejea ni dola 5,300. Analipa shilingi 14,160,000 kwa gari, na kodi ya dola 4,081, sawa na shilingi 10,407,000 hivi.

Jedwali la 2: Muhtasari wa njia tatu (shilingi, zimekadiriwa kwa maelfu)

| Njia | Bei ya gari | Kodi | Jumla |
|---|---|---|---|
| Gari la 2014, lafika Desemba 2024 | 14,850,000 | 9,240,000 | 24,090,000 |
| Gari la 2014, lafika Februari 2025 | 13,200,000 | 11,375,000 | 24,575,000 |
| Gari la 2015, lafika Februari 2025 | 14,160,000 | 10,407,000 | 24,567,000 |

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, kuimarika kwa shilingi kwa zaidi ya asilimia 11, ambako ni kukubwa kuliko kawaida, hakukutosha kufidia kidato cha ushuru wa uchakavu. Aliyelipa Oktoba kwa dola ghali alimaliza kwa gharama ndogo kuliko aliyesubiri dola nafuu. Pili, kwa aliyekwisha kuchelewa, gari la mwaka mmoja mbele lilimgharimu karibu sawa na lile kuukuu. Kwa fedha zilezile angepata gari changa zaidi, lililo rahisi kuuzika baadaye. Kosa lingekuwa kuendelea kuling'ang'ania la 2014 kwa sababu tu bei yake ya tangazo ni ndogo.

Matokeo haya yana mipaka. Meli ikichelewa wiki tatu, njia ya kwanza hugeuka kuwa mbaya kuliko zote, kwa kuwa mnunuzi huwa amelipa dola ghali na ushuru mkubwa kwa pamoja: shilingi 14,850,000 kwa gari na takribani 11,375,000 kwa kodi, jumla ikikaribia milioni 26.2. Kwa maneno mengine, njia ya kwanza ilikuwa bora Oktoba mapema, ikawa ya kubahatisha kufikia Novemba. Vilevile viwango vya kodi hubadilika. Bajeti ya Serikali husomwa Juni na mabadiliko yake kwa kawaida huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo gari linaloagizwa Mei huweza kukadiriwa kwa sheria ambayo haikuwapo siku ya kulilipia.

7.0 Hitimisho

Uchambuzi huu unaonesha kuwa vipengele vinavyobadilisha bei ya gari havina uzito sawa. Ushuru wa uchakavu hujulikana mapema, tarehe yake haibadiliki, na athari yake ni kubwa. Misimu ya minada na ya mavuno hutabirika kwa kiasi. Thamani ya shilingi ina mwelekeo wa msimu, lakini mwaka 2024 unathibitisha kuwa mwelekeo huo huweza kuchelewa kwa miezi. Kwa mantiki hiyo, mpangilio wa maamuzi unafaa kufuata kiwango cha uhakika: mnunuzi aanze na mwaka ambao gari litakadiriwa ushuru, achague mwaka wa kutengenezwa unaoendana nao, ndipo atazame toleo, msimu na mwisho dola.

Kwa mnunuzi wa Lushoto, hesabu hiyo ina tarehe nyingine nyuma yake. Gari lililolipiwa Septemba hufika kabla ya mwaka mpya, husajiliwa, na huweza kupanda Soni kabla masika haijaanza kuporomosha udongo. Lililolipiwa mwishoni mwa Januari hufika bandarini mwishoni mwa Machi au Aprili, na safari yake ya kwanza kwenda milimani huwa katika mvua.